Komenti iliyopiniwa na kamoyo kekundu: nani kaviweka?

*"Wakuu, nipo Mafinga. Kuna video ya YouTube ya kilimo cha parachichi, chini yake kuna komenti imepiniwa ina namba ya kuagizia miche, na pembeni nimeona kamoyo. Hivi vitu huwa anaviweka nani, YouTube wenyewe au mwenye video? Nitajuaje kama mtu hajajiwekea tu? Nataka kutuma hela wiki hii."*

Mkuu, hela isubiri kwanza. Nipo Mbeya, na mwaka wa tatu sasa namsaidia shemeji yangu kuendesha chaneli yake ya parachichi. Yeye analima Tukuyu, mimi nashughulika na upande wa simu na kompyuta. Hiyo kupini na kuweka moyo ni kazi yangu ya kila jioni, na kuna dada mmoja wa Makambako alishapoteza hela chini ya video yetu kwa sababu ya hicho unachouliza.

YouTube hawapini komenti ya mtu wala hawagawi mioyo. Vyote viwili vilianza 2016, na kitufe chake anakiona mwenye chaneli peke yake, pamoja na watu aliowapa ruhusa ya kuisimamia. Mtazamaji hawezi kujipinia komenti yake wala kujipa moyo. Anachoweza ni kuigiza kwa maandishi, na hapo ndipo watu wanapopigwa.

Nianze na kupini. Komenti iliyopiniwa kweli ina mstari mdogo wa kijivu juu ya jina la aliyeandika, wenye kialama cha pini. Kwenye simu yangu, ambayo ipo kwa Kiingereza, unasomeka `Pinned by`, halafu linafuata jina la chaneli. Kwa hiyo pale kuna majina mawili, na wengi huyachanganya. Jina la juu, kwenye ule mstari wa kijivu, ni la aliyepini. Jina la chini yake ni la aliyeandika. Mimi naweza kupini komenti ya mteja wa Njombe aliyeuliza swali zuri. Mstari utataja chaneli yetu, lakini maneno ni ya mteja, na kama kaweka namba ya simu, namba ni yake, si yetu. Mwenye chaneli akiandika mwenyewe, jina lake kwenye komenti linakaa ndani ya kivuli, kama limewekewa kibandiko cha rangi nyuma yake. Watu wengine wote majina yao yako wazi. Angalia hicho kivuli kabla hujasoma namba.

Video moja inabeba komenti moja tu iliyopiniwa. Nikipini nyingine, ile ya mwanzo inashuka yenyewe. Kwa hiyo ukirudi baada ya wiki ukakuta imebadilika, usidhani ulikuwa wizi. Pia komenti kuwa ya kwanza si kupiniwa, maana YouTube hupanga zenye kupendwa juu. Kama ule mstari haupo, hakuna aliyeipini.

Sasa dada wa Makambako. Shemeji alikuwa ameandika komenti yenye namba yake halisi, nami nikaipini. Yule dada akaiona, akabonyeza kusoma majibu chini yake. Jibu la kwanza lilikuwa na picha ileile ya shemeji akiwa na koti la mvua la bluu na kikapu mkononi. Jina lilionekana lilelile. Jibu lenyewe limeandikwa: "Ile namba ya juu imejaa, kwa miche tumia hii mpya", halafu kaweka picha ya pini na moyo mwekundu mwishoni. Akaagiza miche 50 kwa shilingi 4,000 mmoja, akatuma 200,000. Siku ya tatu akapiga ile namba ya juu kuuliza gari limefika wapi, shemeji akabaki anashangaa.

Alipotutumia skrinishoti tukakaa nayo mezani. Alama ya kupiniwa pale juu ilikuwa ya kweli, ila kilichopiniwa ni komenti ya shemeji. Majibu yaliyo chini yake hayapiniwi, hata mimi mwenye ruhusa sioni kitufe hicho kwenye jibu. Yule tapeli alijificha chini ya pini ya mwenzake. Mtu yeyote duniani anaweza kujibu chini ya komenti iliyopiniwa, na jibu lake litaonekana kama sehemu ya tangazo lenyewe. Ukikuta namba ya simu kwenye majibu, hesabu kwamba haijapitishwa na mtu.

La pili ni jina. Kwenye jina lenye alama ya @ hakuna mawili yanayofanana YouTube nzima, kwa hiyo tapeli analazimika kubadilisha kitu. Huyu aliongeza herufi "i" moja mwishoni. Kwenye skrini ya simu, jicho linapita bila kuigusa. Lakini kivuli nyuma ya jina hakikuwepo, na hicho hawezi kukighushi. Tulipobonyeza ile picha yake ikafunguka chaneli tupu, haina video hata moja wala waliojiunga. Tangu 2022 YouTube hawaruhusu chaneli kuficha idadi ya waliojiunga, kwa hiyo upungufu huo unaonekana wazi ukibonyeza tu.

La tatu ni moyo. Ule wa tapeli ulikuwa ndani ya maneno, ameuandika kwa kibodi kama wewe unavyoandika ua au kicheko. Moyo wa mwenye chaneli haukai ndani ya sentensi kamwe. Unakaa chini ya komenti, kwenye mstari mmoja na vidole gumba vya kupenda na kutopenda, na hauji peke yake: unaona picha ndogo ya duara ya chaneli, na kamoyo kekundu kameshikilia kwenye ukingo wake. Hiyo picha ndiyo jibu la "nani kaweka". Kwenye kompyuta ni rahisi zaidi: peleka kishale juu yake bila kubofya, patatokea `❤ by` na jina la chaneli. Kama moyo umeupata katikati ya maneno, au sehemu ya jina la mtu, huo ni urembo tu. Zamani, kabla komenti hazijaanza kuonyesha majina ya @, walikuwepo hadi waliojiita kwa jina linaloanza na "Pinned by" ili lisomeke kama lebo. Lilitambulika kwa sababu lilikaa palepale pa jina, kando ya picha ya mtu, na si juu yake.

Sasa maana ya moyo, maana hapa hata mimi nilikosea. Kwangu moyo ni "nimeisoma, asante". Siku moja nikiwa kwenye daladala kutoka Uyole kwenda Mwanjelwa nilikuwa nagawa mioyo kwa komenti za pongezi, nikampa na jamaa aliyesifia shamba kisha akaweka namba yake ya kuuza mbolea. Sikusoma hadi mwisho. Jioni watu wawili wakampigia shemeji kuuliza kama huyo wa mbolea ni mtu wetu. Hatumjui kabisa. Nikaubonyeza moyo tena, ukatoka. Ndiyo maana nasema kwa uzito wote: moyo hauthibitishi namba wala bei, hata ukiwa wa kweli.

Na tena, mtazamaji hajui ni mkono gani uliobonyeza. Shemeji alinialika kupitia YouTube Studio, sehemu ya `Settings` kisha `Permissions`. Nikigawa moyo, inatokea picha ya chaneli, jina langu halionekani popote. Kwa hiyo unachoweza kujua kwa hakika ni chaneli iliyoweka, si kama ni mwenye shamba mwenyewe au kijana wake wa kompyuta.

Kuna jambo moja la moyo ambalo wengi hawalijui na linasaidia. Mwandishi akiihariri komenti yake baada ya kupewa moyo, moyo unatoka wenyewe. Hii inawakuta wanaorudi kuongeza "asante kwa moyo", kisha wanalalamika kwamba tumewanyang'anya. Lakini kwako wewe ni kinga: tapeli hawezi kuandika neno zuri, akapata moyo, kisha akarudi kubadilisha akaweka namba yake huku moyo umebaki. Ukiona komenti ina moyo na pembeni ya muda imeandikwa `(edited)`, basi moyo ulikuja baada ya marekebisho ya mwisho.

TikTok ni tofauti kidogo. Huko mwenye video anapoandika, jina lake linafuatwa na neno `Creator`, na akiipenda komenti yako inaandikwa `Liked by creator`. Utaratibu wa kuangalia ni uleule: lebo iko nje ya maneno ya mtu.

Linalonipa wasiwasi kwako zaidi ni hili. Mtu anaweza kuiba video nzima ya mkulima, akaipandisha kwenye chaneli yake mpya, kisha akaandika komenti na kuipini. Hapo mstari wa kijivu ni halali, kivuli ni halali, moyo ni halali, kwa sababu yeye ndiye mwenye hiyo chaneli. Alama hizi zinakuambia chaneli ipi, hazikuambii shamba ni la nani. Hapo toka kwenye komenti, bonyeza jina la chaneli, angalia ina video ngapi na za tangu lini. Sura na sauti ya mkulima ni ileile kwenye zote? Halafu sikiliza namba anayoitamka kwa mdomo wake ndani ya video. Kama anatamka moja na iliyopiniwa ni nyingine, usitume hata mia.

Sisi baada ya yale tulimficha yule tapeli kwenye chaneli, na kwenye Studio tukaingiza maneno kama "WhatsApp" na "namba mpya" kwenye orodha ya `Blocked words`, ili komenti zenye maneno hayo zisubiri niziangalie kwanza. Shemeji naye sasa anataja namba yake kwa sauti kwenye kila video akiwa amesimama katikati ya miche. Hela ya yule dada haikurudi, ilikuwa imeshatolewa kabla hajaripoti polisi. Shemeji alimpelekea miche 20 mwenyewe hadi stendi ya Makambako.

Tupia hapa skrinishoti, mkuu. Ipigwe kuanzia ule mstari wa juu ya jina hadi kwenye vidole gumba, usikate pembeni, na uifiche namba ya simu. Nitakuambia ninachokiona.