Dawa za kifua kikuu ni bure, chumba si bure

Najitolea kufuatilia wagonjwa wa kifua kikuu mitaani hapa Dar es Salaam, na swali ninaloulizwa kila ninapokwenda ni lile lile: kama vipimo na dawa ni bure, mbona watu bado wanakufa? Wanaouliza hutegemea niseme habari za hospitali. Mimi naanza na kodi ya nyumba.

Ugonjwa huu unasafiri kwa hewa. Mgonjwa akikohoa, vitone vidogo kabisa hubaki vikielea, na kwenye chumba kilichofungwa vinaweza kukaa hewani kwa saa kadhaa. Sasa chukua chumba cha futi kumi kwa kumi, baba, mama na watoto watatu, kitanda kimoja na godoro la chini, dirisha moja linalotazamana na ukuta wa jirani. Kulala humo usiku mzima na mtu anayekohoa, halafu usiku unaofuata tena, ndiko kunakoambukiza. Lakini nikiingia kwenye nyumba nyingi nakuta wamemtengea mgonjwa kikombe, sahani na kijiko, huku dirisha limefungwa. Kikombe hakina kosa lolote. Kifua kikuu hakiambukizwi kwa vyombo.

Na ukimwambia mtu afungue dirisha, atakueleza kwa nini hafungui, na atakuwa na haki. Mwizi anapitisha mti na kuopoa nguo na simu. Mbu wanaingia. Choo cha shimo kiko hatua tatu kutoka hapo. Kwa hiyo ushauri wangu si "fungua dirisha" tu. Kwanza nondo, pili wavu wa mbu uliopigiliwa vizuri kwenye fremu, ndipo mtu alale dirisha likiwa wazi bila hofu. Kama mwenye nyumba amegoma, mwombe ukate gharama hiyo kwenye kodi. Wengine hukubali, maana nondo zinabaki kwake.

Anayetafuta chumba namshauri afanye jaribio dogo kabla ya kutoa kodi ya miezi sita. Washa udi katikati ya chumba, fungua mlango na madirisha, utazame moshi. Ukivutwa ukatoka upande mmoja, hewa inapita. Ukipanda na kutanda darini bila kwenda popote, hata pumzi za watu zitakaa hivyo hivyo. Chumba chenye matundu pande mbili tofauti, hata yakiwa madogo, kinapitisha hewa vizuri kuliko chenye dirisha moja kubwa. Watafiti waliopima hewa katika hospitali za Lima, Peru, na kutoa matokeo yao mwaka 2007, walikuta kwamba madirisha na milango ikiwa wazi, hewa ya wodi ilibadilika mara 28 kwa saa. Vyumba maalumu vilivyotegemea mashine za kuvuta hewa vilifikisha mara 12. Na majengo ya zamani yenye dari ndefu na madirisha makubwa yaliyashinda ya kisasa. Tatizo ni kwamba chumba cha namna hiyo mtaani kwetu kodi yake iko juu, ndiyo maana mwenye kipato kidogo anaishia kwenye kile chenye moshi uliotanda.

Upande wa pesa nitaueleza kwa watu wawili niliowafuatilia, majirani wa mtaa mmoja. Mmoja alikuwa mlinzi mwenye mkataba. Mwingine kibarua wa zege, analipwa 15,000 kwa siku, na kwa wastani anapata siku 20 za kazi kwa mwezi. Ugonjwa ule ule, vidonge vile vile, matibabu ya miezi 6, na miezi 2 ya kwanza ikiwa ndiyo migumu, mwili hauna nguvu kabisa.

Yule mlinzi, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ana haki ya siku 63 za likizo ya ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha 63 nyingine kwa nusu mshahara. Hesabu mwenyewe: zile 63 za kwanza zinafunika karibu kabisa miezi ile miwili migumu. Alilala, akala, akameza dawa, akarudi kazini.

Kibarua hakuwa na likizo. Miezi miwili bila kazi ni 600,000 zilizopotea. Kabla ya hapo alikuwa ameshatumia kama 150,000 kwa dawa za kikohozi, antibaiotiki za duka la dawa na picha ya kifua kwenye zahanati ya binafsi. Jumla 750,000. Mapato yake ya mwaka mzima ni 3,600,000, kwa hiyo ugonjwa wa "bure" ulimla zaidi ya asilimia 20. Shirika la Afya Duniani huuita mzigo unaovuka kiwango hicho gharama za maangamizi kwa kaya, na duniani karibu nusu ya kaya zenye mgonjwa wa kifua kikuu huufikia. Baada ya miezi hiyo miwili alirudi kwenye zege akiwa bado anahema, akaanza kuruka dozi, kwa sababu ukimeza vidonge vile kabla ya kula tumbo linachafuka, na asubuhi hakuna aliyekuwa amepika.

Chakula chenyewe ni kinga. Jimbo la Jharkhand, India, watafiti waligawa chakula kwa familia za wagonjwa. Ndugu wanaoishi na mgonjwa walipata kila mwezi mchele kilo 5 na nafaka jamii ya kunde kilo moja na nusu kwa kila mtu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 yalionyesha kuwa waliougua kifua kikuu kati yao walipungua kwa asilimia 39, ukilinganisha na familia ambazo ni mgonjwa peke yake aliyepewa chakula. Kwa hiyo ukitaka kumsaidia jirani mgonjwa, kilo ya maharage na mafuta ya kupikia yana maana kuliko soda na biskuti. Na wapelekee nyumba nzima.

Elimu nayo inafanya kazi yake, ingawa si kwa namna watu wanavyodhani. Karibu kila mtu mtaani ameshasikia kuhusu kifua kikuu. Tofauti naiona kwenye dirisha la mapokezi. Aliyesoma akiambiwa "ni mafua, chukua hii syrapu", anauliza. Asiyesoma anashukuru na kuondoka, anarudi baada ya miezi miwili amekonda. Basi nawafundisha sentensi moja ya kusema, wasiibadilishe: "Nimekohoa zaidi ya wiki mbili, naomba nipimwe makohozi." Ikishatamkwa, mhudumu hupata shida kukuondoa na syrapu.

Ukishagundulika, siku hiyo hiyo ya kwanza omba mambo mawili kabla hujatoka. Watoto wa chini ya miaka 5 unaoishi nao wachunguzwe, na wasio na ugonjwa waanzishiwe dawa ya kinga, nayo ni bure. La pili, sema kazi yako ni ya kutwa, uchague msimamizi wa dawa nyumbani, mke, kaka au jirani, ili umeze ukiwa kwako na usipoteze kibarua kila asubuhi kwenye foleni. Utaratibu huo upo nchini kwa miaka mingi, lakini asiyeuomba mara nyingi haambiwi.