Walai ya Nairobi, walahi ya Mombasa na tabarnak ya Quebec

"Wadau, hapa Nairobi walai ni kama salamu, ata muuza nyanya anakuapia. Nikaenda Mombasa nikaisema hivo hivo mzee mmoja akanikemea mbele ya watu. Halafu nasikia kuna Wakanada matusi yao yote ni vitu za kanisa. Mbona neno moja huku ni hewa na kule ni moto?"

Nianze na hao Wakanada juu nimeishi nao. Kuna mradi wa visima nilikua dereva na injinia wetu alikua mtu wa Montreal, anaongea Kifaransa. Siku moja tumekwama upande wa Kajiado, mvua imenyesha, tunabadilisha tairi, jeki ikateleza gari ikaanguka karibu imkate vidole. Jamaa akapiga kelele, naandika vile ilisikika: "osti de kalis de tabarnak!" Sasa mimi nilikua mtumishi wa altare miaka sita parokia moja ya Eastlands. Hayo maneno nilikua nayajua yote. Hostia ni ule mkate wa misa, kalisi ni kikombe cha divai yake, tabenakulo ni kisanduku cha kuwekea hostia. Nikabaki nimesimama na spana mkononi, juu nilidhani anasali.

Tukiwa njiani nikamuuliza, akanieleza bila haya. Kwao Quebec matusi makubwa ni vyombo vya misa. Kuna tabarnak, kuna kalis, kuna osti, kuna sibwar ambayo ni siborio, ile bakuli ya kuwekea hostia, na krisi ambayo ni Kristo mwenyewe. Na unayaunga na "de" kama mabehewa ya treni, kadiri hasira inavyopanda ndio unaongeza behewa. Yanageuka ata vitenzi, kutoka kwa krisi wanapata kitenzi cha kutupa kitu kwa hasira ama kuondoka kwa hasira. Cha ajabu, ofisini tulikua na Mfaransa wa Paris na yeye akisikia tabarnak hashtuki kabisa, kwake ni kisanduku tu cha kanisani. Lugha moja, neno moja, mmoja anaona tusi mwingine anaona samani.

Sababu yake ni ya historia. Quebec kwa muda mrefu Kanisa Katoliki ndio lilikua linashika maisha ya mtu kuanzia ubatizo hadi kaburi, shule zilikua zake, hospitali zake, ata rejista za kuzaliwa na ndoa ziliandikwa parokiani. Sasa mtu akiwa chini ya mkono kama huo, akitaka kuvunja kitu kinachouma anavunja kile kilichowekwa juu zaidi. Na kwa Mkatoliki hakuna kitu kiko juu kama kile kilicho ndani ya tabenakulo, juu tunaamini ni mwili wa Kristo kabisa, si mfano. Ndio maana kwa Mprotestanti si rahisi kutengeneza tusi hapo, makanisa yao mengi hayana hicho kisanduku. Miaka ya 1960 mambo yakageuka, serikali ikachukua shule na hospitali, watu wakaacha misa kwa wingi. Lakini matusi yalibaki. Mwaka 2006 jimbo kuu la Montreal liliweka ata mabango wakati wa Kwaresima, tusi limeandikwa kubwa na chini yake maana yake halisi, juu kuna vijana walikua wanatukana kwa kitu hawajawahi kukiona.

Kwa hivyo siku hizi tabarnak bado ni nzito, huwezi iambia mteja ama mwalimu, lakini uzito wake ni wa adabu, si wa dhambi tena. Na wenye bado wanaogopa wanalivunja kidogo, wanasema tabarnush, ama kalin badala ya kalis, wanaanza neno halafu wanakwepa mwisho.

Na hapo usicheke, sisi tunafanya hivo hivo. "Hakiyanani" ni nini? Ni haki ya Mungu yenye Mungu ametolewa akawekwa nani. Mama yangu alikua anatuchapa tukisema haki ya Mungu lakini hakiyanani ilikua inapita, na sasa imefupishwa zaidi hadi "aki" tu, ata kwa "aki nimechoka". Wafaransa wa zamani walikua na morblue, ilikua "kifo cha Mungu" wakatoa Mungu wakaweka rangi ya bluu. Njia ni ileile.

Lakini walai ni kitu ingine, na hapa ndio huyo mzee wa Mombasa alikua na haki. Tabarnak ni kufuru, unaburuta kitu kitakatifu kwa matope. Walahi ni kiapo, unamuita Mungu awe shahidi. Haichafui mtu. Inakufunga wewe.

Niliielewa Islii. Nilichukua kitambaa cha pazia kwa mzee mmoja wa duka, ikabaki elfu tatu, nikamwambia walai Ijumaa naleta. Akaacha kupima. Akaniuliza, "Kijana, umeapa?" Nikasema ndio kwa wepesi ule wa kwetu. Akaniambia, "Usiape. Sema inshallah." Mimi nikaona ananifungulia mlango wa kutolipa, juu Nairobi inshallah watu wanaitumia kama "tutaona". Kumbe kwa dini yake ukiunganisha kiapo na inshallah halafu ishindikane, hujavunja kiapo. Alikua ananikinga.

Ijumaa sikupata pesa. Nilienda Jumatatu, akapokea bila maneno mabaya, lakini akanieleza kwamba ningekua Mwislamu ningedaiwa kafara. Iko Sura ya 5 aya ya 89: kulisha maskini kumi chakula cha kawaida ya nyumba yako, ama kuwavisha, ama kuacha mtumwa huru, na asiyeweza afunge siku tatu. Aya hiyohiyo inasema Mungu hakushiki kwa kiapo cha upuuzi, kile cha mdomo tu bila nia. Kwa hivyo vijana wa Islii wenye kila sentensi ni walahi hawadaiwi maskini kumi kila jioni, lakini ukiapa ukijua ni uongo ili ule haki ya mtu, hio inaitwa yamini ghamusi, kiapo kinachomzamisha mwenyewe, na wazee wanaiogopa sana.

Ukitaka kujua kiapo kina uzito mahali fulani usisikilize anayeapa, angalia anayesikiliza. Duka lile mikono ya mzee ilisimama. Steji ya matatu makanga akiapa walai, abiria anamjibu "apa na mama yako". Yaani jina la Mungu limetumika hadi limekua jepesi, inabidi mama aletwe. Na rafiki zangu Wakamba, wenye wanaapa kila kitu mjini, ukitaja kithitu wananyamaza, juu hicho kiapo kinaaminika kinaua aliyeapa uongo na watu wa kwake.

Mwaka jana jeki iliniteleza mimi, peke yangu barabarani usiku. Nikasema tabarnak kwa sauti, ikatoka rahisi kabisa. Nikajaribu kusema neno lenyewe, tabenakulo, kwa hasira ileile. Nikaona ile taa nyekundu ya parokia inawaka kando ya altare, na mdomo ukakataa.