Hogo mpaka juu ya goti na safari ya Muscat–Zanzibar: barua ya daktari na fomu ya MEDIF

*"Assalaam alaykum wakuu. Mama (63) kaanguka ngazini Muscat Jumatatu, kavunjika mguu wa kulia chini ya goti. Hakupasuliwa, kafungwa hogo toka vidoleni mpaka juu ya goti. Ndege ya kurudi Zanzibar ni Ijumaa, moja kwa moja. Daktari kampa barua kuwa anaweza kusafiri, lakini wakala wa tiketi anadai fomu ya MEDIF. Barua haitoshi?"*

Wa alaykum salaam, mkuu, na pole kwa kuuguza. Haitoshi, na Ijumaa ni karibu mno. Barua ni maoni ya daktari anayemtibu mama. Kibali hutolewa na shirika la ndege, kupitia kitengo chao cha afya, nao huamua kwa kusoma MEDIF, yaani fomu ya taarifa za afya ya abiria mgonjwa. Mgonjwa anaweza kufika kaunta na barua yenye muhuri na bado akaachwa, kwa sababu kwenye kompyuta ya pale hakuna kibali chochote kilichoandikwa kwenye tiketi yake.

Mashirika mengi hutaka fomu iwafikie saa 48 hadi 72 kabla ya safari. Nawe uko Oman, ambako Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko ya wiki. Fomu ikitumwa Alhamisi mchana, inaweza kulala mpaka Jumapili. Mwambie wakala leo hii asogeze tarehe, tuseme Jumanne au Jumatano ijayo, kisha daktari ajaze fomu kwa tarehe mpya. Kibali huenda na ndege na siku iliyoandikwa. Ukibadilisha safari baada ya kukipata, unaanza upya. Na usijaze fomu ya shirika jingine kwa kudhani zote ni moja. Chukua ya shirika linalorusha ndege yenyewe, hata kama tiketi imeuzwa na mwenzake.

Sasa kwa nini wanasumbuka na hogo. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani hulinganishwa na ya mlimani, kati ya mita 1,800 na 2,400 hivi. Fikiria mahali fulani kati ya Nairobi na Addis Ababa. Hewa iliyofungiwa hutanuka pale kwa karibu theluthi moja, na ndani ya plasta na pamba yake kuna hewa. Wakati huohuo mguu uliovunjika huvimba kwa siku kadhaa za mwanzo, na ukikaa ukining'inia kwa saa nyingi huvimba zaidi. Hogo la mzunguko kamili halina pa kupanuka, kwa hiyo kinachobanwa ni nyama na mishipa ya damu. Ndiyo maana kanuni inayotumiwa na mashirika mengi ni hii: hogo likiwa na umri chini ya saa 24, usipande hata ndege ya chini ya saa mbili, likiwa chini ya saa 48, usipande ya zaidi ya hapo. Ikibidi kusafiri mapema, lipasuliwe.

Safari yenu ni zaidi ya saa tano. Kufungwa Jumatatu na kuondoka Ijumaa kunavuka saa 48, kwa hiyo kwa kanuni mama amepita. Lakini muulizeni daktari wa mifupa kama uvimbe umeanza kushuka, na kama anaona hogo lipasuliwe hata hivyo. Uamuzi ni wake, maana kulipasua kunaweza kulegeza mfupa uliokwisha kukaa sawa. Akikubali, hakikisheni limepasuliwa kwa urefu wote, pamoja na pamba ya ndani mpaka ngozi ionekane, kisha lizungushiwe bendeji. Kosa la kawaida ni fundi kukata plasta ya nje tu na kuiacha pamba. Pamba iliyolowa na kukauka hukaza kama kamba, na mpasuko wa nje haumsaidii mgonjwa kitu. Lililopasuliwa liandikwe hivyo kwenye fomu, kwa kuwa daktari wa shirika hulitafuta neno hilo.

Jambo la pili, na hapa ndipo fomu nyingi za miguu hukwama, ni kiti. Hogo la chini ya goti lina nafuu kwa sababu goti linakunja. La mama halikunji. Mkalishe kwenye kiti cha kawaida, mgongo umegusa kiegemeo, na upime kwa utepe kutoka kwenye kiegemeo mpaka kisigino. Kwa mtu mzima wa kimo cha kawaida utapata karibu sentimita 100. Nafasi kutoka kiti hadi kiti daraja la kawaida mara nyingi ni sentimita 74 hadi 79, na hapo unene wa kiti chenyewe umo. Mguu hauingii. Kuutoa kwenye njia hairuhusiwi, na viti vya mlango wa dharura hapewi mtu mwenye hogo.

Kiti cha mbele kabisa, kwenye ukuta, husaidia wengine, lakini usikichukue kwa kubahatisha: uliza umbali hadi ukutani, na kama mkono wa kiti unanyanyuka. Mara nyingi viti vya mbele vina mkono usionyanyuka kwa kuwa meza imefichwa humo, na mgonjwa wa kuhamishwa kutoka kiti cha magurudumu anahitaji unaonyanyuka. Vinginevyo shirika litasema anunue viti vya ziada au daraja la juu. Ni gharama, najua, ila ni afadhali kuijua leo kuliko kuambiwa uwanjani. Kwa mguu wa kulia, ombeni kiti ambacho mguu huo uko upande wa dirisha, mbali na mikokoteni ya chakula.

Wakala akishaingiza ombi, mwambie akuoneshe alichoandika. Unatafuta misimbo hii kwenye skrini au kwenye uthibitisho:

```
MEDA   mgonjwa anayehitaji kibali
LEGR   mguu wa kulia kwenye hogo (LEGL ni wa kushoto)
WCHC   hawezi kutembea, ahudumiwe mpaka kitini
EXST   kiti cha ziada, kama mmenunua
```

Angalieni hasa huo wa kiti cha magurudumu. Mawakala wengi huandika `WCHR` kwa mazoea, na maana yake ni kwamba abiria anapanda ngazi mwenyewe na anachoshindwa ni masafa marefu tu. `WCHS` hawezi ngazi ila anajikongoja mpaka kitini. Mama mwenye hogo hadi pajani, ambaye hajaruhusiwa kukanyagia, ni `WCHC`. Msimbo ukikosewa, anafikishwa chini ya ngazi na hakuna gari la kumnyanyua wala kile kiti chembamba kinachopita katikati ya viti vya ndege. Ulizeni pia Zanzibar atashushwaje. Msitegemee tu kwamba kutakuwa na daraja la kutokea ndegeni.

Tukirudi kwenye fomu. Sehemu ya kwanza ni yenu na wakala: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya tiketi, ndege, tarehe, msindikizaji. Ya pili ni ya daktari, na inayorudishwa mara nyingi imeandikwa "yuko sawa kusafiri" na saini, basi. Daktari wa shirika hamwoni mama, anaiona karatasi. Anataka kujua mfupa gani umevunjika na lini, hogo liliwekwa tarehe na saa ngapi, linaishia wapi, limepasuliwa au la. Anaweza kukaa wima wakati wa kupaa na kutua? Anaweza kula na kwenda msalani bila kusaidiwa na wahudumu? Ana moyo, kisukari, pumu, au aliwahi kupata damu kuganda? Dawa zipi, kipimo gani? Kisanduku kisichohusika kiandikwe "hapana", kisiachwe tupu. Na pigeni picha ya karatasi iliyonyooka kwenye mwanga. Muhuri usiosomeka huwarudisha watu siku nzima nyuma.

Hilo la msalani lisemwe kwa ukweli. Choo cha ndege ni chembamba, mlango haufungi mguu ukiwa umenyooka, na wahudumu hawanyanyui abiria, hawamsaidii chooni wala hawampigi sindano. Kwa hiyo asafiri na mtu mzima mwenye nguvu, ikiwezekana mwanamke, si mjukuu wa miaka 14. Aende haja uwanjani kabla ya kuitwa, avae pedi ya watu wazima kwa tahadhari, na asijinyime maji kwa kuogopa choo.

Maana kuna damu kuganda. Umri wa miaka 63, mguu usiosogea ndani ya hogo, kisha kukaa zaidi ya saa nne: hayo matatu pamoja ndiyo yanayonitia wasiwasi kuliko hewa ya ndege. Muulizeni daktari waziwazi kama anahitaji sindano ya kuzuia damu kuganda, kama enoksaparini. Ni uamuzi wa daktari kwa kuwa figo, vidonda vya tumbo na dawa nyingine hubadilisha jibu, na aspirini ya kujinunulia haichukui nafasi yake. Akipewa, sindano zikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na cheti cha dawa. Cheti kihusu pia dawa za maumivu: tramadoli na kodeini zinadhibitiwa katika nchi nyingi.

Usiku wa kuamkia safari na asubuhi yake, angalieni vidole. Bonyeza ukucha uwe mweupe, uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili hivi. Vidole vikiwa baridi, vya bluu au vina ganzi, au maumivu yanapanda ingawa amemeza dawa, au akilia unaponyoosha vidole vyake polepole, hapo hakuna safari. Ni hospitali saa hiyohiyo, hogo lifunguliwe, hata kama kibali kimo mfukoni.

Kwa wanaosoma uzi huu na wagonjwa wa aina nyingine: siku za kusubiri zinategemea sana kama kuna hewa iliyobaki mwilini. Upasuaji mkubwa wa tumbo huhesabiwa siku 10 hivi. Aliyefanyiwa upasuaji wa retina, pazia la nyuma ya jicho, na kuwekewa gesi hapandi mpaka daktari wa macho athibitishe gesi imekwisha, na hilo huchukua wiki kadhaa. Akikaidi anaweza kupoteza jicho. Aliyevunjika paja apime damu kwanza, kwa kuwa mfupa ule humwaga hata lita 1 ndani ya nyama bila tone kuonekana nje.

Mkuu, mwisho kabisa, kabla hamjaondoka Muscat chukueni picha za eksirei kwenye CD na muhtasari wa matibabu, na mpange daktari wa mifupa Zanzibar amwone ndani ya siku chache. Kama hogo limepasuliwa, bendeji isiguswe mpaka afike kwake: yeye ndiye atapiga picha nyingine kuona mfupa haujahama, kisha alifunge upya. Na mama akivimba paja au kubanwa pumzi, hata wiki mbili baada ya kutua, msingoje miadi hiyo.