Barua kwa mwanangu: Deni lina tarehe

"Shangazi, nimepata mahali pa kukopa milioni tano ninunue sarafu za mtandaoni. Riba ni asilimia tatu na nusu tu kwa mwezi, mwaka mmoja, dhamana kiwanja cha Uyole. Wenzangu wameingia na zinapanda. Unaonaje, huu ni wakati mzuri wa kuingia?"

Ugonile mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma usiku, nikausoma tena asubuhi kabla sijatoka kwenda shambani. Kuhusu kuingia, sina la kukwambia. Wakati mzuri wa kuingia hata hao wenzako hawaujui, wanaujua baada ya kupita. Mimi nimekaa kamati ya mikopo ya SACCOS yetu miaka mingi, na nilichokizoea ni kuangalia mtu atatoka lini, na nani anamchagulia siku ya kutoka. Deni lina tarehe, mwanangu. Hilo utalisikia mara nyingi humu, univumilie.

Marehemu baba yako alikuwa na jicho la bei. Nalisema bila kumpendelea kwa kuwa ni kaka yangu. Mwaka ule wewe upo darasa la pili, alikwenda Ubaruku wakati wa mavuno, mpunga umejaa kila uwanja, gunia linauzwa elfu arobaini. Akaniambia, "Dada, huu mpunga ukifika Februari utakuwa elfu sabini." Hela hakuwa nayo. Akakopa milioni mbili kwa bwana mmoja wa pale mjini, riba asilimia kumi kwa mwezi, miezi minne, mwisho Oktoba. Alinunua magunia hamsini, akayapanga ghalani vizuri juu ya magogo, mpaka panya tuliwawekea mitego. Dhamana ilikuwa cherehani yangu, ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, unaikumbuka, ulikuwa unalala chini yake nikishona.

Mwaka ule mvua ilikuwa nzuri na kila mtu alivuna, kwa hiyo bei ilichelewa kunyanyuka. Oktoba ikafika gunia likiwa elfu arobaini na tano tu. Deni lilikuwa limefika milioni mbili na laki nane, mpunga wote unatoa milioni mbili na laki mbili na nusu. Baba yako alimwomba yule bwana amwongeze miezi mitatu. Alikataa. Akachukua mpunga kwa bei ya siku ile, na kwa laki tano na nusu zilizopungua akachukua cherehani. Vijana wake wawili waliibeba, mmoja akaikamata kwenye gurudumu, mkanda ukakatika pale pale mlangoni.

Februari gunia likafika elfu sabini. Elfu sabini ile ile aliyoitaja baba yako. Yule bwana alipakia lori mbele ya macho yetu, magunia yakiwa bado na alama ya rangi ya buluu aliyoipiga baba yako kwa mkono wake.

Mpaka leo likinijia hilo chakula hakipiti. Na nimebishana nalo sana. Kuna siku nasema kosa lilikuwa riba, ilikuwa kubwa mno. Lakini hata ingekuwa nusu yake, Oktoba bado alikuwa hatoshi. Kuna siku nasema alikosea kusoma msimu. Hapana, msimu aliusoma sawasawa. Bei aliijua. Asichokuwa nacho ni miezi minne mingine, na hiyo miezi alikuwa nayo aliyemkopesha. Deni lina tarehe, bei haina.

Sasa hizo sarafu. Usidhani nakataa kwa sababu ya uzee. Nilimkalisha binamu yako Jumapili nzima anionyeshe bei za Bitcoin za miaka ya nyuma kwenye simu, nikaandika kwenye daftari langu la marejesho. Nilichukua Bitcoin kwa makusudi, kwa sababu ndiyo iliyo kongwe. Sikutaka unijibu kwamba nimechagua sarafu mbovu. Na siku ya kununulia sikuchukua kileleni, Novemba 2021 ilipofika kama dola 69,000. Nimechukua mwanzo wa Januari 2022, imeshashuka hadi kama 47,000, siku ambayo wengi walisema sasa ni rahisi.

Weka mkopo wako hapo. Milioni tano kwa asilimia tatu na nusu kwa mwezi, mwaka mzima ni riba ya milioni mbili na laki moja. Gawa kwa kumi na mbili, kila mwezi unarejesha kama 592,000. Kabla sijaendelea, uliza kama hiyo riba inahesabiwa kwenye milioni tano nzima mpaka mwezi wa mwisho. Kwa ulivyoandika, naona ndivyo. Maana yake ukishalipa nusu ya deni, riba bado wanaikata kama vile hujalipa hata mia. Kwa wastani wa mwaka unakuwa umekaa na hela yao inayozidi nusu kidogo tu, lakini riba unalipia yote. Pale SACCOS tunahesabu kwenye baki. Hiyo "tu" uliyoiandika baada ya tatu na nusu iondoe.

Haya. Mshahara huna, duka la vifaa vya simu pale Mwanjelwa linakulisha na kulipa pango, kwa hiyo rejesho linatoka kwenye sarafu zenyewe. Mwisho wa Januari bei ilikuwa kama 38,500. Milioni tano yako imekuwa milioni nne na kama laki moja. Unauza za 592,000, unabaki na milioni tatu na nusu. Februari na Machi bei ikanyanyuka, ikafika kama 45,500, na hapo ndipo moyo ungekupa nguvu, ungesema shangazi alikuwa na woga wa bure. Lakini angalia daftari: baada ya rejesho la Machi umebaki na milioni mbili na laki tisa tu, wakati bei imeshuka kidogo sana kutoka uliponunua. Kilichokula ni marejesho. Aprili bei ikaanguka, Mei ikaanguka tena. Mwisho wa Juni ilikuwa chini ya 20,000, na sarafu ulizobakiwa nazo zinatosha rejesho la sita kwa tabu. Umelipa sita, zimekwisha. Yamebaki sita mengine, zaidi ya milioni tatu na nusu, na huna sarafu hata moja. Wanabisha hodi Uyole.

Na bei ilirudi, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kuanguka kwake. Februari 2024 ilikuwa imerudi 47,000, Machi ikapita ile 69,000, na Desemba mwaka ule ule ikavuka laki moja. Aliyenunua siku moja na wewe kwa hela yake, akaenda zake kulima viazi, alikaa miaka miwili na kidogo akaiona hela yake imerudi, kisha ikazidi. Wewe ungekuwa umeshauza zote miezi ishirini nyuma, tena kila ilipokuwa chini ndipo ulipouza nyingi zaidi, kwa sababu rejesho ni lile lile na kila sarafu inatoa kidogo. Jicho la bei ungekuwa nalo kama baba yako, na lisingekusaidia kitu.

Hapo sijaweka makato. Ukinunua USDT, ile sarafu inayofuata dola ambayo kwayo unanunulia nyingine, kwa mtu kwa hela ya simu unanunua bei ya juu, ukimuuzia unauza bei ya chini, na wewe ungeuza kila mwezi. Wala sijagusa sarafu ndogo ndogo, hizo ambazo naogopa ndizo wenzako wanazozisema zinapanda. Ile LUNA, mwanzo wa Mei 2022 ilikuwa inazidi dola themanini. Katikati ya mwezi ule ule haikufika hata senti moja. Hiyo haikurudi kwa aliyesubiri wala kwa aliyekopa.

Kuna kitu kingine binamu yako alinionyesha kikanishtua. Ndani ya programu za simu za kununulia sarafu kuna kitufe kimeandikwa 10x. Ukikibonyeza, laki tano yako inashika mzigo wa milioni tano, maana yake nyingine wamekukopesha wao. Bei ikishuka karibu asilimia kumi tu, programu inauza yenyewe, laki tano imekwenda, hata kama baada ya saa moja bei imepanda tena. Huyo ni yule bwana wa Oktoba, ila huyu haombwi kuongeza muda na anafanya kazi hata usiku umelala. Ukikopa mjini ukaenda kubonyeza hicho, unakuwa na madeni mawili, moja lina tarehe ya mwezi, lingine halikuambii tarehe kabisa. Kama umeshakibonyeza, niambie. Sitapiga kelele.

Nataka sana kuandika "usikope" nikaishia hapo. Nimeliandika nikalifuta. Wewe ni mtu mzima, una mke, na baba yako hakupenda nikuamulie. Tena kama ungeniambia una laki tatu ya duka iliyokaa tu, hata ikipotea watoto wanakula, unataka kununua uiache miaka mitatu, ningenyamaza. Hiyo haina mtu wa kuibishia hodi. Ningeguna, lakini ningenyamaza.

Ila kiwanja cha Uyole ni kingine. Kile tulikinunua mimi na baba yako baada ya ile cherehani, kidogo kidogo, na kwenye hati jina langu lipo. Saini yangu wataitaka. Kabla hawajaja kuitaka, nijibu mambo mawili kwa maandishi. La kwanza, rejesho la mwezi wa kwanza, na la pili, na la tatu, yatatoka wapi ikiwa hizo sarafu hazigusiki? Niandikie kwa tarakimu, mauzo ya duka kwa mwezi, pango, chakula, ada, kinachobaki. La pili, ukichelewa rejesho moja mkataba unasemaje, wanatoza faini kwa siku au kwa mwezi, na baada ya siku ngapi wanaruhusiwa kuuza dhamana?

Mkataba wenyewe njoo nao Jumapili, usinipigie picha, kwenye picha kurasa za nyuma hazionekani na huko ndiko wanakoandika. Nitakuwa nyumbani baada ya ibada. Mwambie mkeo naye aje, asikie hesabu hizi akiwa amekaa.

Shangazi yako