Sufuria ya ugali iliyolala kwenye sinki

Mke amepika mapema, amekula na watoto, amelala. Saa nne usiku mume anarudi kutoka kazini, anakula, kisha anamimina maji kwenye sufuria ya ugali, anaiacha kwenye sinki na kwenda kulala. Saa kumi na moja alfajiri mke anawasha taa ya jikoni: mende wanatawanyika, maji ya sufuria yamekuwa meupe na yanatoa harufu ya uchachu. Hasemi neno. Anaisugua ile sufuria kwa kishindo ili sauti ifike chumbani. Mume anaisikia akiwa kitandani, na kwa kweli hajui kosa lake, maana amefanya kile alichofundishwa tangu utotoni: sufuria ya ugali hulowekwa.

Ikijirudia mara nne au tano, hakuna tena anayezungumzia sufuria. Mke anasema, "Unanifanya mfanyakazi wako." Mume anasema, "Mke wangu, unatafuta ugomvi." Hapo chombo kimeshageuka alama, na hata kikioshwa kesho, kidonda kinabaki.

Ili msifike hapo, anzeni na chanzo cha kila tabia. Katika nyumba nyingi za vijijini vyombo huoshwa nje, kwa maji yaliyotekwa mbali, halafu huanikwa juani kwenye kichanja. Usiku nje kuna giza na maji ya ndoo yana hesabu yake. Kwa hiyo vyombo vya jioni hukusanywa kwenye beseni, sufuria hulowekwa, na asubuhi huoshwa vyote kwa mara moja. Aliyelelewa hivyo akiona sufuria imejazwa maji anaona mtu aliyejali, kwa sababu mzembe angeiacha ikauke. Kwa aliyekulia nyumba yenye jiko la ndani na sinki, hasa kwenye joto la miji kama Dar es Salaam au Tanga, sheria ni nyingine: vyombo havilali. Sinki lenye maji na mabaki ya chakula linampa mende vitu viwili anavyovitafuta usiku. Mtu huyu akiona sufuria imejazwa maji anaona kazi aliyoachiwa yeye.

Wote wawili wanasema kweli kuhusu kwao. Kosa ni kwamba kila mmoja anasoma kitendo cha mwenzake kwa kamusi ya nyumba aliyokulia.

Ukilitazama jambo lenyewe kwa karibu, pana nafasi ya kukubaliana ambayo wanaogombana hawaioni. Ukoko wa ugali ni wanga uliokauka na kushika chini ya sufuria. Unahitaji maji ili ulainike, hapo aliyeloweka yuko sahihi. Lakini hauhitaji usiku mzima. Sufuria ikipoa kidogo, mimina maji yafunike ukoko, subiri dakika 20 hadi 30, kisha pitisha mwiko wa mbao chini, na sehemu kubwa itabanduka yenyewe. Njia nyingine ambayo mabibi wengi wanaijua: baada ya kupakua, rudisha sufuria tupu kwenye moto mdogo au makaa yanayokufa kwa dakika chache. Ukoko hukauka, kingo zake hujikunja, na watoto huugombania. Sufuria inayobaki huoshwa kwa sekunde.

Kinachoharibu ni haraka. Mtu aliyekasirika huchukua waya wa kusugulia na kuushambulia ukoko ukiwa bado mkavu. Sufuria ya alumini huchubuka, na kesho ugali unashika zaidi kwenye ile michubuko. Wengine humwaga magadi. Magadi hulainisha uchafu ulioungua, lakini huila alumini na kuifanya nyeusi. Kwa alumini tumia maji ya moto na sabuni, na weusi uliobaki chemshia maji yenye ndimu au ukwaju.

Kwa hiyo swali la kweli linapungua sana. Halihusu tena nani mchafu na nani mkorofi. Ni hili tu: nani atarudi jikoni baada ya ile nusu saa? Na tuseme wazi, nyumba nyingi hazijawahi kuliuliza swali hilo kwa sababu jibu limechukuliwa kuwa linajulikana, yaani mke. Ndiyo maana maumivu yake ni makubwa kuliko sufuria. Analalamikia kupangiwa kazi bila kuulizwa, na lalamiko hilo ni la haki hata kama mume hakukusudia.

Mazungumzo yafanyike mbali na sinki, si usiku, si mbele ya watoto wala wifi. Jumamosi baada ya chai panafaa. Anzeni kwa kusimuliana: kwenu vyombo vilioshewa wapi, saa ngapi, na nani, na aliyeacha vyombo vilale aliambiwa nini? Swali hilo la mwisho ndilo hufungua mengi. Kuna aliyechapwa kwa ajili ya vyombo vilivyolala, na kuna ambaye mama yake alikuwa akirudi sokoni usiku hoi, vyombo vikalala, na hakuna aliyemlaumu. Mkishajua hayo, semeni lilitokea lini. "Jumatatu na Alhamisi sufuria ililala" ni jambo linalojibika. "Kila siku unaacha" halijibiki, kwa sababu mwenzako atakumbuka siku moja aliyoosha na mtaanza kubishana kuhusu siku hiyo.

Halafu tenganisheni madhara na mazoea. Mende, harufu, ugonjwa, maji yanayoisha na usingizi wa mtu ni madhara. Vikombe kupangwa mdomo chini au juu, taulo kukunjwa mara mbili au tatu, sahani kubwa kukaa kabati gani, hayo ni mazoea. Kwenye madhara, kiwango cha aliye mkali zaidi kifuatwe. Kwenye mazoea, anayeifanya kazi siku hiyo achague, na mwenzake asirudie kazi hiyo nyuma yake. Kupanga upya vikombe ambavyo mtu ametoka kuvipanga kunauma zaidi ya neno kali, na wengi wanaokifanya kitendo hicho hawajui.

Kwa sufuria yetu, makubaliano yanaweza kuwa ya mistari mitatu. Aliyekula wa mwisho ndiye mwenye vyombo vyake na sufuria. Sufuria hulowekwa kwa nusu saa, kisha huoshwa kabla ya kulala. Aliyechoka kupita kiasi anasema usiku huohuo, na sufuria inaoshwa kidogo tu kwa maji, inafunikwa na kuwekwa kavu, bila maji ya kulala kwenye sinki.

Makubaliano mengi hufa kwenye neno "nimemaliza". Mmoja akisema amemaliza kuosha ana maana sahani ni safi. Mwingine anahesabu pia meza kufutwa, mabaki kutolewa kwenye tundu la sinki, jiko kupanguswa na kitambaa kukamuliwa na kuanikwa. Mume anaosha kwa bidii siku tatu, mke anaingia jikoni na kuona kitambaa kimelowa kwenye kona, anaguna, na mume anaapa kutoosha tena. Osheni pamoja mara moja, mkitaja kila kitu kinachoingia kwenye "kumaliza". Inachukua dakika 15 na inaokoa miezi ya kuguna.

Chakula kina mtego wake, na mkubwa zaidi ni kiporo. Kwa nyumba moja, wali wa jana ukipashwa asubuhi na kunywewa chai ni kitu cha kusubiriwa kwa hamu. Kwa nyingine, kumwekea mtu mzima kiporo ni kumwambia hastahili kupikiwa. Hapa pia tenganisha. Wali uliopikwa una vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi na moto wa kupikia. Ukiachwa kwenye joto la chumba kwa saa nyingi huzaliana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Wali wa nazi ndio huchacha upesi zaidi. Unaotaka kuulaza, upakue kwenye chombo kipana, uutandaze upoe upesi, na uingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Hakuna friji, pika kipimo cha kuliwa jioni hiyo. Hayo ni madhara na hayana mjadala. Kinachobaki, kama kiporo salama ni heshima au dharau, ni mazoea, na hapo mlaji ana haki ya kusema, "Mimi kiporo sili, lakini naweza kujipikia uji." Asichokuwa na haki nacho ni kukataa kiporo na wakati huohuo kungoja apikiwe upya.

Mtego mwingine mdogo ni hotipoti. Ugali unaofunikwa humo kwa saa tatu hutoa jasho na kulowa juu. Mpishi aliufunika kwa upendo, mlaji anaona ametunziwa chakula kilichoharibika. Weka kitambaa safi kikavu chini ya mfuniko kinyonye mvuke.

Utajuaje kwamba tabia fulani imeshageuka alama? Sikiliza lugha. Mtu akianza kuzungumza na vyombo badala ya mwenzake, "Nyumba hii haina mwenyewe", au neno "kwenu" likaingia, au kanga fulani ikavaliwa siku fulani kwa kusudi, lalamiko limeshahamia kwenye mafumbo. Kanga na mafumbo vina kazi yao nzuri Uswahilini, lakini fumbo lina kasoro moja: anayesemwa hawezi kujibu bila kukiri kwamba ni yeye. Kwa mambo ya sinki, sema wazi.

Ipo dharau ya kweli pia, na isifichwe chini ya tofauti za malezi. Baada ya makubaliano kuwa wazi, toeni wiki mbili. Anayesahau kisha akasema "samahani, nilipitiwa" na kwenda kuosha, huyo anajifunza. Anayecheka, anayeosha vibaya kusudi ili asiombwe tena, au anayetumia vyombo kama sababu ya kutukana na kupiga, huyo hahitaji ratiba ya kuosha. Hilo ni jambo la kupelekwa kwa wazee wanaosikilizwa, na kipigo ni cha kupelekwa polisi.

Mwisho kuna wageni. Mama mkwe akifika, makubaliano yote hujaribiwa siku ya kwanza, maana atamwona mwanawe kwenye sinki na atachukua sponji mkononi mwake. Mke asijibu. Jibu ni la mume: "Mama, shikamoo, pumzika. Nimekula wa mwisho, sufuria hii ni yangu."