Volti, ampea na wati: kwa nini waya wa betri ni mnene

"Inveta yangu ya wati 1000 ina nyaya nene upande wa betri, ila waya wa kwenda kwenye pasi ni mwembamba. Volti, ampea na wati vinatofautianaje?"

Chukua tangi la maji juu ya mnara. Volti ni presha inayosukuma maji kwenye bomba. Tangi likipanda, presha inaongezeka. Ampea ni wingi wa maji yanayopita kila sekunde. Wati ni nguvu ambayo maji hayo yangetoa yakizungusha gurudumu, na unaipata kwa kuzidisha volti kwa ampea.

Sasa tuseme pasi yako ni ya wati 1000. Kwenye soketi ya volti 230, 1000 ÷ 230 ni kama ampea 4.3 tu. Betri ya volti 12 ina presha ndogo, hivyo kutoa wati zilezile inabidi ipitishe maji mengi: 1000 ÷ 12, takriban ampea 83. (Inveta nayo hupoteza kidogo, kwa hiyo hesabu zaidi ya hapo.) Mtiririko huo unataka bomba pana.

Waya ukiwa mwembamba, joto ndilo litakalokuumbua: ampea zikiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Na volti zinapotea njiani, inveta inapiga kelele ya betri kuisha wakati betri imejaa. Gusa ganda la waya wa betri pasi ikiwa inafanya kazi. Likiwa la moto, weka waya mnene zaidi na mfupi. Ikiwa ni ncha tu inayochemka, huenda nati ya betri imelegea.