Mtihani wa vitendo wa ushonaji: jinsi ninavyopima sketi na kutoa maksi

"Walimu wa ushonaji, mtihani wa vitendo mnausahihishaje? Mimi naangalia kwa macho tu na wanafunzi wanalalamika kwamba napendelea."

Mwalimu mwenzangu, nimepitia hapo hapo. Miaka yangu ya mwanzo nilimpa maksi za juu binti mmoja, sketi yake ilikuwa inang'aa kwa pasi, kumbe hata haimwingii aliyepimiwa. Tangu siku hiyo tepu inatangulia, macho baadaye.

Kazi ninayotoa ni sketi nyoofu yenye zipu nyuma na mkanda wa kiuno, masaa sita, kitambaa cha aina moja kwa wote. Kwenye karatasi naandika vipimo vya sketi ikishaisha, sio vya mwili: mkanda sm 74, hipsi sm 102, urefu sm 60. Ukitoa vya mwili tu, mmoja ataongeza sm 4 za kupumulia, mwingine sm 6, halafu utasema nani kakosea? Nafasi ya mshono naandika pia, sm 1.5.

Usahihi una maksi 50, umalizaji 50. Kipimo kikipishana hadi nusu sentimita anapata zote, hadi sm 1 anapata nusu, zaidi ya hapo sifuri.

Sasa kuna kitu kilinisumbua sana. Mwanafunzi kaleta sketi, mkanda 74 safi kabisa, hipsi 105. Nikageuza ndani nikapima mishono, kashona kwa sm 1 badala ya 1.5. Kila mshono umebakiza nusu huku na nusu kule, mishono ni mitatu (pembeni miwili na wa nyuma), jumla sm 3. Mkanda aliukata sawa, kwahiyo juu pale ilibidi akusanye kitambaa kilichozidi ndo kiingie, mkanda ukawa na mikunjo. Ukimkata kwenye hipsi halafu ukamkata tena kwenye umalizaji kwa ile mikunjo, umemwadhibu mara mbili kwa kosa moja. Mimi namkata kwenye hipsi tu, pembeni naandika sababu ili ajue kilichomponza. Ila kama hipsi iko sawa na mikunjo ipo, hapo kosa liko kwenye dati au alivyobandika mkanda, nakata kwenye umalizaji.

Umalizaji naanzia ndani: ovaloki, nyuzi zilizoachwa, mshono kama umefunguliwa kwa pasi. Ndo naenda kwenye zipu na pindo.

Kupima nako kuna namna yake, sketi ipigwe pasi, ipoe, zipu ifungwe, ilazwe mezani bila kuvutwa. Hipsi napima sm 20 chini ya mkanda, upana wa upande mmoja halafu mara mbili, kwahiyo tepu ikiteleza nusu sentimita tu umeshamwibia mtoto sm 1, ndo maana tunapima walimu wawili kila mtu na karatasi yake, tukipishana tunarudia pamoja. Na sketi zinakuwa na namba, majina yanabaki kwa mwalimu wa tatu mpaka maksi zijumlishwe.